Kusitisha mkataba wa Ujerumani ukiwa Tanga: intaneti, jimu na makato yasiyokoma

Vijana wa Tanga wanaotoka Ujerumani baada ya mafunzo ya uuguzi au mwaka wa kujitolea hurudi nyumbani na masanduku, vyeti, na mikataba ambayo haikufungwa. Ukiondoka kwenye nchi, mkataba hauondoki nawe. Intaneti ya nyumbani, jimu na ada ya redio na televisheni huendelea kukata pesa kwenye akaunti ya benki ya kule mwezi baada ya mwezi, na mtu hugundua siku akaunti inaposoma hasi.

Wengi huamini kwamba kwa kuwa huduma ilifunguliwa Ujerumani, kwa namba ya simu na anwani ya Ujerumani, basi lazima mtu awe Ujerumani ndipo aifunge. Si kweli. Kwa sheria ya Ujerumani ilivyo sasa, karibu kila kitu kinafungwa kutoka Ngamiani kwa simu ya mkononi, bila kutuma barua ya karatasi. Kinachowaangusha watu ni kuchagua njia isiyo sahihi ya kusitisha, au kufunga mambo kwa mpangilio mbaya: mtu anaanza na benki na laini ya simu, halafu mikataba inabaki wazi na yeye hana tena pa kushikia.

Mfano tutakaoutumia

Tuseme dada mmoja amemaliza mafunzo ya uuguzi ya miaka 3 na kukabidhi chumba chake tarehe 30 Septemba 2025. Tarehe 3 Oktoba yuko Tanga. Ameacha vitu vinne vilivyo hai. Cha kwanza ni intaneti ya nyumbani ya yuro 40 kwa mwezi, mkataba wa miezi 24 ulioanza 15 Oktoba 2024. Cha pili ni jimu ya yuro 25, aliyojiunga Februari 2024 kwa mwaka mmoja, na tangu hapo inajiendeleza yenyewe. Kuna ada ya redio na televisheni, na kuna programu moja ya kujifunza lugha aliyoilipia ndani ya simu. Tarehe 6 Oktoba anakaa chini kushughulikia yote.

Kabla ya kubonyeza chochote, afungue taarifa ya benki ya miezi 13 iliyopita. Miezi 13 na si 12, kwa sababu ada za mara moja kwa mwaka hujificha pale. Kila kato aandike jina la anayekata kama lilivyo kwenye taarifa, kiasi, na namba ya mteja, ambayo kwa kawaida iko kwenye mstari wa maelezo ikiitwa `Kundennummer` au `Vertragsnummer`. Jina hilo lililo kwenye taarifa ya benki ndilo la kufuata. Kama programu ya lugha inaonekana kwa jina la Apple au Google, kampuni ya programu haiwezi kukusaidia, kwa sababu si yenyewe inayokukata.

Kitufe cha kusitisha

Tangu 1 Julai 2022, kampuni inayouza mikataba ya kila mwezi kwa watu binafsi kwenye tovuti ya Ujerumani inalazimika kuweka kitufe cha kusitisha kwenye tovuti hiyo hiyo. Kimeandikwa `Verträge hier kündigen` au maneno ya maana hiyo, na mara nyingi kiko chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo, pamoja na viungo vya masharti na faragha. Kinahusu hata mkataba uliousaini dukani, ilimradi kampuni inauza mikataba ya aina hiyo mtandaoni.

Kwa mtu aliye Tanga, faida kubwa iko hapa: kampuni hairuhusiwi kukudai uingie kwenye akaunti yako kwanza. Kwa hiyo kama nenosiri limesahaulika, au namba za uthibitisho zinatumwa kwenye laini ya Ujerumani iliyozimika, bado mlango uko wazi. Ukiona ukurasa unakuelekeza kuingia kwa nenosiri, rudi chini ya ukurasa wa mwanzo ukatafute kitufe chenyewe. Huenda umefuata kiungo cha huduma kwa wateja badala ya kile cha sheria.

Kitufe kinafungua fomu fupi. Inataka jina lako, kitu cha kutambulisha mkataba (namba ya mteja inatosha), aina ya usitishaji, tarehe unayotaka uishe, na baruapepe ya kupokelea uthibitisho. Weka baruapepe unayoifungua kila siku, si ile ya chuo au ya kazini ambayo itafungwa. Ukimaliza unabonyeza kitufe cha pili, `jetzt kündigen`. Bila hicho cha pili hujatuma chochote, na kuna watu waliofunga ukurasa baada ya kujaza wakidhani wamemaliza.

Sehemu ya kuwa makini zaidi ni aina ya usitishaji. Fomu inakupa njia mbili. `Ordentliche Kündigung` ni usitishaji wa kawaida, unaofuata muda wa mkataba. `Außerordentliche Kündigung` ni wa sababu maalumu, na unapaswa kuandika sababu. Dada yetu akichagua wa kawaida kwenye intaneti, kampuni itampa kwa furaha tarehe ya mwisho ya 14 Oktoba 2026. Hapo atakuwa amekubali mwenyewe kulipia zaidi ya mwaka mzima wa intaneti ya chumba ambacho anakaa mtu mwingine.

Intaneti: kuhama kunakufungua

Sheria ya mawasiliano ya Ujerumani, kifungu cha 60, inayotumika tangu Desemba 2021, inasema hivi kwa ufupi: mteja akihamia mahali ambapo kampuni haitoi huduma yake, anaweza kusitisha kwa notisi ya mwezi mmoja, hata kama mkataba una miezi mingi mbele. Kampuni ya intaneti ya Ujerumani haina waya Chumbageni, kwa hiyo sharti limetimia. Usitishaji hauwezi kuanza kabla ya siku uliyohama.

Kwenye fomu anachagua wa sababu maalumu, na kwenye sababu anaandika:

```
Umzug nach Tansania zum 30.09.2025,
Kündigung gemäß § 60 Abs. 2 TKG mit Monatsfrist
```

Notisi imetumwa 6 Oktoba, basi mkataba unaisha 6 Novemba. Atalipa Oktoba nzima na siku chache za Novemba, takriban yuro 48. Angeacha uende hadi mwisho ingekuwa karibu yuro 500. Na angetuma notisi ile ile mwishoni mwa Agosti, akiwa bado Ujerumani, ungeisha siku aliyokabidhi chumba asilipe hata senti ya ziada. Kama bado hujaondoka na unasoma haya, mwezi mmoja kabla ya safari ndio wakati wako.

Kampuni itaomba ushahidi wa kuhama. Ushahidi unaokubalika ni hati ya kujiondoa kwenye daftari la wakazi, `Abmeldebescheinigung`. Mtu anapaswa kujiondoa kuanzia wiki 1 kabla ya kuhama hadi wiki 2 baada ya hapo. Dada yetu aliyehama 30 Septemba bado ana nafasi mpaka 14 Oktoba. Fomu inapatikana kwenye tovuti ya mji aliokaa. Inachapishwa, inatiwa saini, inapigwa picha vizuri pamoja na ukurasa wa pasipoti. Miji mingi hupokea kwa posta na baadhi hupokea kwa baruapepe, hivyo aulize kwanza kabla ya kulipia bahasha. Asiisubiri hati ndipo atume notisi. Notisi iende leo, hati ifuate, kwa sababu mwezi wa notisi huhesabiwa tangu kampuni ilipopokea notisi.

Kisha kuna ruta. Ikiwa ruta ni ya kukodi, ni mali ya kampuni, nayo itadai irudi au ilipwe. Watu hufika nayo Tanga ndani ya begi, imeviringishwa kwenye kanga, wakiamini wataitumia, kumbe kuirudisha kwa kurushwa na ndege kunaweza kugharimu kuliko bei yake. Kama hujaondoka, mwachie rafiki na umtumie lebo ya kurudishia ambayo kampuni hukutumia kwa baruapepe, kisha akupigie picha risiti ya posta. Kama imeshafika huku, waandikie waseme thamani yake kwa ruta ya umri huo kabla hujalipia mzigo.

Jimu: hapa kuhama hakukusaidii

Hapa ndipo ushauri wa marafiki unapotea njia. Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua tarehe 4 Mei 2016 kwamba kuhama mji au nchi, kwa kawaida, si sababu ya kuvunja mkataba wa jimu kabla ya muda. Hoja yake ni kwamba kuhama ni uamuzi wa mteja mwenyewe, na hatari yake ni ya kwake. Ukiandika kuhama Tanzania kama sababu maalumu, jimu inaweza kukataa na itakuwa sahihi.

Lakini kuna sheria nyingine inayosaidia. Kwa mikataba iliyosainiwa tangu 1 Machi 2022, muda wa kwanza ukishapita, mkataba hauwezi kujifunga tena kwa mwaka mzima. Unaendelea mwezi kwa mwezi, na unaweza kuufunga wakati wowote kwa notisi isiyozidi mwezi 1. Mwaka wa kwanza wa dada yetu uliisha Januari 2025. Kwa hiyo yeye anachagua usitishaji wa kawaida, na kwenye tarehe anaandika `zum nächstmöglichen Zeitpunkt`, yaani mapema iwezekanavyo. Ukiacha tarehe wazi, sheria inachukua hivyo hivyo. Akituma 6 Oktoba, anamalizana nao mwanzoni mwa Novemba.

Aliye bado ndani ya muda wa kwanza afanye mambo mawili. Atume usitishaji wa kawaida sasa, ili angalau muda ukiisha mkataba ufe. Halafu aandike barua tofauti ya kistaarabu kuomba waachane mapema, akipendekeza mtu wa kuchukua uanachama wake au malipo ya mara moja. Hayo ni hisani ya jimu, si haki yake, hivyo lugha iwe ya kuomba. Mambo haya mawili asiyachanganye kwenye ujumbe mmoja, maana wakikataa ombi wanaweza kulijibu ombi tu na usitishaji ukapotelea humo.

Tovuti ikikataa kufunguka

Baadhi ya tovuti huzuia wageni kutoka nje ya Ulaya. Unaona ukurasa mweupe, au ujumbe kwamba huduma haipatikani mahali ulipo. Wengi hukimbilia VPN. Kumbuka kwamba Oktoba 2023 TCRA ilitangaza kwamba wanaotumia VPN Tanzania wajisajili, na kwa jambo hili huna sababu ya kujitia kwenye hayo, kwa kuwa baruapepe inatosha.

Kwa mikataba ya wateja binafsi iliyofanywa tangu 1 Oktoba 2016, kampuni haiwezi kudai barua yenye saini ya wino. Baruapepe ni halali. Huhitaji kwenda Posta mjini kutuma rejista. Anwani ya baruapepe ya kampuni iko kwenye ukurasa uitwao `Impressum`, ambao sheria inadai uwepo kwenye kila tovuti ya biashara ya Ujerumani. Kama nao haufunguki, mwombe mtu aliye kule akutumie picha yake. Kisha tuma mwenyewe, kutoka kwenye baruapepe waliyonayo kwenye rekodi zao:

```
Sehr geehrte Damen und Herren,
hiermit kündige ich meinen Vertrag, Kundennummer ______,
zum nächstmöglichen Zeitpunkt. Bitte bestätigen Sie mir
die Kündigung und das Vertragsende per E-Mail.
Mit freundlichen Grüßen
```

Kwa intaneti, weka mistari ya kifungu cha 60 badala ya `zum nächstmöglichen Zeitpunkt`. Andika na anwani yako ya zamani, kwa sababu ndiyo wanayokutambulia. Usimwachie rafiki akuandikie kwa jina lake: usitishaji unaotumwa na mwakilishi asiye na hati halisi ya kuwakilisha unaweza kukataliwa papo hapo, na wiki mbili zimekwenda.

Uthibitisho, na makato ya mwisho

Ukitumia kitufe, kampuni inalazimika kukuthibitishia mara moja kwa maandishi: imepokea nini, siku na saa gani, na mkataba unaisha lini. Kabla hujafunga ukurasa, hifadhi au piga picha ya skrini yenye maelezo yako pamoja na tarehe na saa. Saa itakayohesabika ni ya Ujerumani, ambayo iko nyuma ya Tanga kwa saa 1 majira ya joto na saa 2 majira ya baridi.

Soma tarehe ya mwisho kwenye uthibitisho, usiridhike tu kwamba umekuja. Dada yetu akiona 14 Oktoba 2026 kwenye ule wa intaneti, ajue wameuchukulia kuwa wa kawaida. Ajibu siku hiyo hiyo, ataje kifungu cha 60 na aambatanishe hati ya kuhama. Wakishikilia, kuna Bundesnetzagentur, mamlaka ya mawasiliano ya Ujerumani, inayosuluhisha migogoro ya wateja na kampuni za simu na intaneti. Kwa jimu na mengineyo kuna Verbraucherzentrale, shirika la kutetea watumiaji, ya jimbo ulilokaa. Uthibitisho usipokuja ndani ya siku chache, angalia kwanza kwenye taka za baruapepe, kisha tuma tena ukiambatanisha ile ya kwanza.

Makato yenyewe huenda kwa idhini uliyoisaini, na benki inakuruhusu kurudisha kato ndani ya wiki 8 bila kutoa sababu. Kama hakukuwa na idhini kabisa, una miezi 13. Tumia haki hii kwa kato lililokuja baada ya tarehe ya mwisho iliyothibitishwa. Usiitumie kwa deni unalodaiwa kweli. Kurudisha kato hakusitishi mkataba, bali kunageuza ada ya yuro 25 kuwa deni lenye gharama juu yake, na barua za onyo zitakwenda kwenye chumba ulichohama, ambako hakuna wa kukufungulia. Deni likifika kwa wakusanyaji na kisha kwenye rekodi za mikopo za Schufa, siku utakayotaka kurudi kupanga nyumba Ujerumani utalikuta linakusubiri.

Ada ya redio na televisheni, na ya ndani ya simu

Hiyo ada, `Rundfunkbeitrag`, ni yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila makazi, na si mkataba, kwa hiyo haina kitufe cha kusitisha. Unajiondoa kwenye rundfunkbeitrag.de, sehemu ya `Abmelden`, kwa sababu ya kuhamia nje, ukitaja namba yako ya mchangiaji. Kujiondoa kwenye daftari la wakazi hakuifungi. Inaisha mwisho wa mwezi uliohama, ila si kabla ya mwisho wa mwezi uliowaarifu. Dada yetu akiarifu 6 Oktoba, Oktoba analipa. Akisahau hadi Machi, atalipia miezi yote hiyo bila njia ya kurudishiwa.

Programu ya lugha ni rahisi kuliko zote. Kwenye aifoni fungua mipangilio, gusa jina lako, kisha usajili. Kwenye Android fungua play.google.com/store/account/subscriptions kwa akaunti ya Google ile ile uliyolipia. Kufuta programu kwenye simu hakusitishi malipo. Na usianze kwa kubadili nchi ya akaunti ya Apple kuwa Tanzania: itakataa mpaka usajili wote uwe umesitishwa na muda uliolipiwa umalizike.

Benki na laini, mwisho kabisa

Akaunti ya benki ibaki wazi na pesa kidogo ndani mpaka kila mkataba uwe umepita tarehe yake, ankara ya mwisho imelipwa, na wiki 8 zimepita tangu kato la mwisho. Kwa dada yetu, hiyo ni mapema Januari 2026. Ukiifunga mapema, kato la mwisho halali litarudi kama deni, na hata ukidaiwa kimakosa hutakuwa na mahali pa kulirudishia.

Laini ya Ujerumani nayo iwe hai mpaka siku hiyo, maana benki hutuma namba za uthibitisho humo. Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi kabla hujapanda ndege, zima data yake, na usipokee simu zinazopigwa kwayo. Kupokea ujumbe mfupi kwa kawaida hakukatwi kitu. Laini ya kulipia kabla huzimwa ikikaa muda mrefu bila kuongezwa salio, kwa hiyo iongezee kiasi kidogo kwa kadi ukiwa bado na akaunti. Kama laini ni ya mkataba, tuma notisi yake kwa kifungu kile kile cha 60, lakini uipange iishe baada ya benki kufungwa, si kabla.